Kumwomba Mwenzako Kazi Isiyo Yake



Nitaanza kwa kusoma ujumbe wa simu, na sehemu kubwa ya muda wetu itakwisha juu ya ujumbe huo huo. Nimeutunga mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya halmashauri atadhani umechukuliwa kwenye simu yake. Anayeandika ni kijana, afisa maendeleo ya jamii. Anayeandikiwa ni mama aliyemzidi umri, zamani alifundisha hisabati, sasa ni afisa takwimu upande wa elimu sekondari, na jengo zima linamwita Mwalimu. Wanafahamiana kwa kupishana kwenye korido na kukutana kwenye chai. Hakuna aliye chini ya mwenzake. Ni Ijumaa saa 9:20 alasiri, zimebaki dakika kumi ofisi zifungwe.

Mambo
Uko?
Mwalimu
Kuna faili nimekutumia kwenye barua pepe, lifungue
Niunganishie hizo shiti zote ziwe moja, halafu nitolee na grafu
Jumatatu saa 3 niwe nayo, nina kikao
Kwako hiyo ni dakika mbili tu
Mkurugenzi anaisubiri
Usinisahau tafadhali

Kimya. Baada ya muda mfupi inafuata mistari mingine miwili, wa kwanza ukiwa na alama tatu za kuuliza na wa pili ukisema: Naona umesoma.

Tukimwita kijana huyu na kumwambia amekosa adabu, atashangaa kwa dhati. Atatuonyesha kwa kidole: si nimeandika tafadhali? Ni kweli ameandika. Lakini tafadhali yake imekuja baada ya amri tatu na tarehe ya mwisho, na haikuambatana na ombi bali na onyo la kutosahau. Mtu anayefukuzwa kwenye kiti naye anaweza kuambiwa tafadhali.

Mwaka 1987 Penelope Brown na Stephen Levinson walitoa kitabu kuhusu adabu katika lugha, wakipanua kazi waliyoichapisha mara ya kwanza mwaka 1978. Walisema uzito wa jambo unalomwomba mtu hutokana na mambo matatu: umbali uliopo kati yenu, nani ana mamlaka juu ya nani, na ukubwa wa chenyewe kinachoombwa. Wataalamu wengi wamewapinga katika mengine, hasa wakisema kwamba walimchukulia kila mwanadamu kuwa analinda uhuru wake binafsi kuliko anavyojali mahusiano yake na wenzake. Kwa kazi yetu ya leo vipimo hivyo vitatu vinatosha, kwa sababu kijana wetu amevighushi vyote.

Umbali ameughushi kwa neno lake la kwanza. Anapokutana na Mwalimu mlangoni asubuhi humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba. Kwenye simu amemwita kama anavyomwita kijana mwenzake wa kijiweni. Hakukusudia dharau. Alikuwa na haraka, na kwenye simu hamwoni mtu usoni. Hata hivyo ukaribu aliouvaa hapo si ule walio nao, na Mwalimu ameuona kabla hajajua anatakiwa kufanya nini.

Mamlaka ameyaghushi kwa kumtaja Mkurugenzi. Sentensi yenyewe inaweza kuwa ya kweli, maana Mkurugenzi huenda anaisubiri taarifa. Lakini anaisubiri kutoka kwa kijana, si kutoka kwa Mwalimu. Kwa maneno mawili kijana ameazima cheo asichopewa na kukiweka juu ya meza ya mtu asiyehusika. Sasa Mwalimu akikataa, hamkatalii mwenzake, anaonekana kumkwamisha bosi wa wote wawili. Mimi katika ujumbe wote huu hapa ndipo ninapopaona pabaya zaidi, kuliko hata zile alama za kuuliza.

Na ukubwa wa kazi ameughushi kwa zile dakika mbili. Watu wengi huandika hivyo wakidhani wanamsifu mwenzao kwamba ni fundi. Msikieni Mwalimu anavyousoma mstari huo. Kwanza anaambiwa ujuzi alioupata kwa miaka ni kitu cha dakika mbili. Pili, aliyeambiwa kazi ni ya dakika mbili hawezi kusema hana muda, kwa kuwa nani asiye na dakika mbili? Tatu, si kweli. Kati ya Ijumaa saa 9:30 na Jumatatu saa 3 kuna saa moja na nusu tu ya kazi, ile ya Jumatatu asubuhi ofisi zikifunguliwa saa 1:30. Kinachoombwa hasa ni Jumamosi au Jumapili ya Mwalimu, na ujumbe haujalitaja jambo hilo hata kwa mbali.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Katika utumishi wa umma Tanzania majukumu ya mtumishi huingizwa kwenye mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na utendaji wake hupimwa kwa majukumu hayo. Shiti za kijana, ambazo ni za mikopo ya vikundi, hazimo kwenye majukumu ya afisa takwimu wa sekondari. Saa mbili atakazozitumia humo hazitampa alama yoyote, na huenda zikamchelewesha kwenye kazi anayopimwa kwayo. Ndiyo maana ya kusema jambo liko nje ya kazi ya mtu: anayelifanya analilipia yeye.

Sasa tuuandike upya. Nikitoa zoezi hili kwenye mafunzo ya watumishi, jaribio la kwanza huwa karibu sawa kwa kila mtu. Huja hivi:

Shikamoo dada yangu mpendwa. Habari za nyumbani, watoto hawajambo? Mungu akubariki sana kwa moyo wako. Samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize, yaani naona hata aibu. Nina kaombi kadogo tu. Katika jengo hili hakuna mwingine anayeweza zaidi yako, wewe ndiye mkombozi wangu. Naomba tafadhali sana uniunganishie shiti na grafu kabla ya Jumatatu. Nitashukuru mno, usiniangushe dada.

Darasa hupumua kwa kuridhika. Mimi huwaambia kwamba huu ni ule ule, umepakwa asali. Vipimo vitatu bado ni vya kughushi. Umbali umefupishwa mara hii kwa udada mpendwa badala ya mambo. Ukubwa umefichwa kwa kuitwa kaombi kadogo. Mkurugenzi ameondoka, lakini nafasi yake imechukuliwa na kitu kizito zaidi: hakuna mwingine, usiniangushe. Mkurugenzi ukimkwamisha atakuandikia barua. Mtu aliyekuita mkombozi ukimkatalia, umemwangusha yeye, umeiangusha na ile picha nzuri aliyokuchorea. Kwa mtu wa makamo aliyelelewa katika desturi zetu, ujumbe wa pili ni mgumu kuukataa kuliko wa kwanza. Wa kwanza angeweza angalau kuukasirikia.

Najua kuna watakaoniambia salamu ndefu ndiyo adabu yetu Waswahili. Salamu sina ugomvi nazo. Kuuliza habari za nyumbani ni haki ya mtu unayemjua, na ofisi ambayo watu huingia bila kusalimiana inachosha. Ninachokisema ni kwamba salamu inapotangulia ombi kwa mtu ambaye hujamjulia hali kwa miezi, msomaji hufika kwenye watoto hawajambo akiwa tayari anajiuliza unataka nini. Msalimie kadiri mnavyosalimiana siku zote, usizidishe kwa ajili ya shida.

Kurekebisha ujumbe wa aina hii huanza kabla ya kuandika, na huanza kwenye faili lenyewe. Swali ni moja: ninachohitaji hasa ni nini, na nimefika wapi mwenyewe? Kijana wetu alipoulizwa hivyo alijibu kwamba anahitaji shiti ziunganishwe. Kwa nini? Ili apate jumla ya marejesho. Jumla gani? Ya kila kata, kwa sababu madiwani wa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kila mmoja atatafuta kata yake kwanza.

Tulifungue basi faili hilo. Ni mikopo ya asilimia 10, ile ambayo halmashauri huitenga kutoka mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila kundi lina shiti yake, na ya nne ni ya madeni ya zamani. Kwa pamoja kuna vikundi 86 katika kata 21. Kunakili shiti tatu chini ya ya kwanza si utaalamu, ni subira. Kijana akiketi nayo nusu saa inakwisha. Katika kunakili atagundua kata moja imeandikwa kwa namna tatu, mahali pengine ikiwa na nafasi ya ziada mwishoni, na kuisawazisha nako ni kazi ya macho, tena yeye anazijua kata hizo kuliko Mwalimu. Grafu madiwani hawakuiomba. Aliitaja kwa sababu taarifa yenye grafu hupendeza.

Kinachobaki ni fomula. Anaandika hii, safu ya B ikiwa ya kata, ya F ikiwa ya fedha zilizorejeshwa, na kisanduku cha H2 kikiwa na jina la kata inayotafutwa:

```
=SUMIF(B:B,H2,F:F)
```

Jibu linakuja 0, kwa kata zote. Hapo amekwama kweli, na hapo ndipo anapomhitaji mtu.

Mnaona kilichotokea. Kazi ya mwisho wa wiki imekuwa swali moja: kwa nini jumla yangu ni sifuri? Kijana hajawa mnyenyekevu zaidi, amefanya sehemu iliyokuwa yake. Maombi mengi yanayowaudhi watu maofisini hayana kosa la lugha kwanza. Mwombaji ameibeba kazi yote pamoja na ile anayoiweza, akaitua mlangoni kwa mwenzake kwa sababu hakuifungua kuona ndani kuna nini.

Baada ya hapo kuandika ni kwepesi. Tuseme ni Ijumaa ile ile, kachelewa kama alivyochelewa. Alhamisi asubuhi ingekuwa bora, lakini tusimpe muda asiokuwa nao.

Shikamoo Mwalimu, pole na kazi. Nina ombi ambalo liko nje ya kazi zako, nakuletea kwa sababu najua unaifahamu Excel vizuri.

Jumatatu saa 4 natakiwa kuwasilisha marejesho ya mikopo ya asilimia 10 kwenye Kamati ya Fedha. Shiti nimeshaziunganisha na majina ya kata nimeyasawazisha. Nimekwama kwenye jumla ya kila kata: fomula ya SUMIF inanipa 0 kwa kata zote. Nimekuwekea hapa chini picha ya safu zenyewe na fomula niliyoandika.

Naomba, ukipata nafasi Jumatatu kati ya saa 1:30 na saa 3, uniangalizie kosa liko wapi. Nakadiria dakika kumi na tano, ila wewe ndiye utakayejua. Sikuombi uishughulikie mwisho wa wiki.

Kama ratiba yako imebana, niambie tu. Nitapeleka jumla ya halmashauri nzima, na mgawanyo wa kata nitauwasilisha kikao kijacho. Inakubalika.

Ujumbe huu ni mrefu kuliko wa kwanza, na hilo huwasumbua watu waliozoea kwamba simu ni ya maneno mafupi. Lakini umekuja mara moja, simu imelia mara moja, na Mwalimu akimaliza kuusoma hana swali la kuuliza. Ule wa kwanza uliiliza simu mara kumi na moja na bado asingejua kata ni zipi wala kikao ni cha nini. Hasa lile neno Uko? likiwa peke yake. Ukilijibu umeshakiri kwamba upo na una nafasi, kabla hujajua nafasi hiyo inatakiwa kwa lipi.

Angalieni vipimo vitatu sasa. Umbali ni ule ule wa korido: shikamoo na pole na kazi, basi. Mamlaka hayamo kabisa, kamati imetajwa kama sababu, na haikutajwa kama tishio. Ukubwa umesemwa kwa tarakimu, kisha ukaachwa mikononi mwa anayejua zaidi. Na mstari wa kwanza umelitamka lile ambalo wengi huogopa kulitamka, kwamba hii si kazi yako. Huogopa kwa kuwa wanadhani watampa mwenzao sababu ya kukataa. Sababu hiyo anayo tayari. Usipoitaja utamlazimu aitaje yeye, na akiitaja yeye ataonekana mkali.

Kuhusu umbo la sentensi sitachukua muda mrefu. Kiswahili kina namna nyepesi ya kuomba: naomba, halafu kitenzi kinachoishia na e, naomba uniangalizie. Ukitanguliza sharti, ukipata nafasi, inatosha. Zile sentensi za je, ungeweza kwa hisani yako, zinasikika kama barua ya benki. Na wanaofanya kazi na wenzao wa upande wa pili wa mpaka, kama pale Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wajue kwamba Mkenya akikwambia nisaidie na kalamu hakukuamuru, kwao hilo ni ombi la kawaida. Mtanzania anayeagiza hata chai kwa naomba hulisikia kama amri, na Mkenya naye huona naomba za Mtanzania zimezidi. Peaneni nafasi.

Sababu ina uzito wake, na kuna jaribio maarufu juu yake. Mwaka 1978 Ellen Langer na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofanyika kwenye mashine ya kunakilia ya chuo kikuu jijini New York. Mtu alikuja akaomba apishwe atangulie kunakili kurasa 5. Alipoomba bila kutoa sababu, watu 60 katika kila 100 walimpisha. Alipotoa sababu ya kweli, kwamba ana haraka, walifika 94. Cha kuchekesha ni kwamba alipotoa sababu ambayo si sababu, kwamba anahitaji kunakili, walimpisha 93. Walimu wa mauzo huishia hapo na kufundisha kwamba neno kwa sababu lina uchawi. Hawaendelei kusoma. Ombi lilipokuwa la kurasa 20, sababu tupu ilimfikisha 24, sawa kabisa na bila sababu, na ile ya kweli ikamfikisha 42. Jambo dogo watu hulipitisha bila kusikiliza. Likikua wanasikiliza, na wakisikiliza wanapima. Dakika kumi na tano za mtu asiyehusika ziko upande wa kurasa 20, kwa hiyo nina kikao haitoshi. Kikao gani, nawasilisha nini, nimekwama wapi, hiyo ndiyo sababu.

Nikae zaidi kwenye aya ya mwisho ya ujumbe wetu, kwa sababu ndiyo inayokataliwa sana darasani. Mshiriki husema: Mhadhiri, ukimwonyesha mtu mlango si atatoka? Mwaka 2000 Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walichapisha jaribio la Ufaransa ambamo mtu aliwaomba wapita njia nauli ya basi. Alipoomba tu, alipewa na watu 10 katika 100. Alipoongeza kwamba uko huru kukubali au kukataa, alipewa na 47 na nusu. Hao walikuwa wageni barabarani na kilichoombwa kilikuwa fedha kidogo, kwa hiyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba ofisini kwake idadi itapanda vivyo hivyo. Ninachokichukua ni kwamba kumwachia mtu uhuru hakumfukuzi.

Ila uhuru wa maneno peke yake ni rahisi kuughushi pia. Usijali ukishindwa, ikisemwa na mtu ambaye hana njia nyingine, ni usijali ya uongo, na mwombwa huihisi. Kinachoufanya mlango uwe mlango ni kile kifungu cha nitapeleka jumla ya halmashauri nzima. Kijana amefikiri atafanya nini akikosa, ameona jambo hilo linavumilika, na amelisema. Kama halivumiliki, yaani bila Mwalimu kamati haina taarifa, basi hilo si ombi la hisani tena. Ni upungufu wa idara, na mahali pake ni kwa mkuu wa idara, ambaye ataongea na mkuu wa idara mwenzake. Kwa mwandishi hiki ndicho kipimo: jaribu kuuandika mstari wa utafanyaje ukikataliwa. Ukishindwa kuuandika, usitume.

Mahali pa kuombea napo panabadilisha ombi. Maneno yale yale mazuri ukiyaweka kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wote, yamekuwa mashinikizo, maana sasa Mwalimu anajibu mbele ya macho ya jengo zima. Ukiyapeleka kwa barua pepe na nakala kwa mkuu wake wa idara, umemwazima tena Mkurugenzi kwa mlango wa nyuma. Nakala kwa mkuu inaweza kuhitajika kazi ikiwa ya kula nusu siku ya saa za serikali, lakini utaratibu wake ni huu: muulize kwanza yeye kimya kimya kama angependa, akikubali muulize kama mkuu wake aarifiwe na nani. Ukigeuza utaratibu, kukubali kwake hakuna thamani. Na kama ofisi zenu ziko milango miwili, kutembea ni halali bado, ilimradi usisimame juu ya meza yake ukisubiri jibu. Sema shida, acha picha ya fomula, ondoka.

Kuna mambo ambayo uandishi haurekebishi. La kwanza ni cheo. Mkuu wa idara anapomwambia kijana wa mafunzo kwa vitendo, naomba unipitie dukani ukipata nafasi, hata aandike mistari ishirini ya uko huru kukataa, kijana yule ataenda dukani, kwa sababu fomu yake ya tathmini itasainiwa na mkono huo huo. Mwenye mamlaka ana njia mbili za uungwana: aigeuze iwe kazi rasmi yenye muda wake, au asiombe. La pili ni yale ambayo mwombwa hana haki ya kuyatoa. Nywila ya mwenzako ya mfumo wa malipo ili uidhinishe kitu akiwa likizo, au dereva wa gari la serikali akupitishie mzigo wako wa biashara. Hapo ujumbe wenye adabu una hatari kuliko wa kibabe, kwa kuwa humfanya mtu mwema aone haya kulinda kazi yake.

Turudi kwa Mwalimu. Huenda asijibu Ijumaa. Tiki mbili za bluu humaanisha ameufungua ujumbe, hazimaanishi kingine chochote. Pengine yuko kwenye daladala. Ukumbusho uwe mmoja, Jumatatu baada ya kuingia kazini, nao ubebe mlango ule ule: Shikamoo Mwalimu, lile la fomula kama halijawezekana usihangaike, saa 3 nitachapa ile jumla ya halmashauri.

Na huenda akajibu. Kwa ombi lililoandikwa kama hili jibu linaweza kuja kwa mstari mmoja, kwa sababu picha ilikuwepo: Marahaba. Tarakimu zako zimekaa kushoto, umeandika 1,200,000/= kwa hiyo Excel inazisoma kama maneno, tafuta /= zote uzifute. Mtu mzoefu akiona tarakimu zimeegemea kushoto mwa kisanduku hujua mara moja kwamba hazihesabiki, na ile alama yetu ya shilingi ndiyo mkosaji wa kila siku. Kijana akifungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, akaandika /= juu na kuacha chini patupu, sifuri 21 zinageuka kuwa fedha.

Shukrani itumwe baada ya kikao, isitumwe kabla ya kazi. Zile nitashukuru mno za mapema ni malipo ya awali yanayomfunga mtu kwa kazi ambayo hajaikubali. Baada ya kikao andika kilichotokea: jumla imetoka, wameijadili kata kwa kata, ahsante Mwalimu. Kama kwenye kikao mtu aliisifu ile taarifa, mtaje aliyekusaidia hapo hapo, jina na idara, kwa kuwa hiyo ndiyo alama pekee anayoweza kuipata kwa kazi ambayo haimo kwenye majukumu yake.

Akikataa, jibu ni nimeelewa Mwalimu, ahsante kwa kuniambia mapema. Usiulize kwa nini, usiandike haya bwana, na Jumanne shikamoo iwe na sauti ile ile ya Alhamisi.

Robo ijayo taarifa ya marejesho itatakiwa tena, na /= zitakuwa zimerudi, kwa sababu wanaoingiza taarifa kwenye kata hawajaambiwa. Hapo kijana asimwandikie Mwalimu ujumbe wa pili unaofanana na wa kwanza. Afute alama zile mwenyewe, halafu amwombe mkuu wake wa idara awaandikie maafisa wa kata kwamba kwenye safu ya fedha ziandikwe tarakimu tupu.